Likasi: Kusalimia wakubwa kwa utaratibu bila kuchosha watu juani

Sherehe inapangwa kuanza saa tatu asubuhi. Wakubwa wanafika saa nne na nusu. Wanafunzi wamesimama katika mistari tangu saa mbili, na jua la mwezi wa kumi, kabla mvua haijazoea kunyesha, haliwahurumii. Mtu wa kwanza anashika mikro, anafungua karatasi na kuanza: Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule, Bwana Kamanda, Bibi Bugumesta, Bwana Shefu wa kartie. Kila jina linapigiwa makofi. Dakika tatu zinapita kabla hajasema lililomsimamisha pale. Anakuja wa pili, naye anasoma orodha ile ile. Wakisema watu saba, dakika ishirini na moja zimeliwa na salamu peke yake.

Lakini kuzifupisha ovyo nako kuna gharama. Mkubwa aliyerukwa hasahau. Chifu wa kimila aliyetajwa baada ya wafanyabiashara anaweza kuinuka na kwenda zake, na watu wake wakamfuata. Prefe wa shule anayehitaji saini ya idara ya elimu hatapenda kujua kwamba mkuu wa idara hiyo aliondoka na kinyongo. Kwa hiyo kazi ni mbili kwa mara moja: kila mtu apewe nafasi yake, na salamu zisipite dakika moja. Mambo hayo mawili yanawezekana pamoja, mradi anayeandika hotuba ajue utaratibu unatoka wapi.

Cheo ni cha kiti, si cha mtu

Kosa la kwanza ni kupanga majina kwa umri, kwa utajiri au kwa urafiki. Utaratibu wa protokole hauangalii mtu, unaangalia kazi ya umma anayoishika siku ile. Kijana wa miaka thelathini aliye bugumesta anatajwa mbele ya mzee aliyekuwa bugumesta zamani. Mwenye kampuni aliyelipa saruji na mabati anatajwa baada ya viongozi wa Serikali, hata kama bila yeye kusingekuwa na jengo la kufungua. Shukrani yake ina nafasi yake ndani ya hotuba, na pale anaweza kupewa sentensi tano nzuri. Katika salamu ana mstari mmoja.

Msingi wa utaratibu wetu uko katika Katiba ya 2006. Kifungu cha 68 kinataja taasisi za Jamhuri kwa mpango huu: Rais wa Jamhuri, Bunge, Serikali, kisha Korti na Tribinali. Kifungu cha 195 kinataja taasisi za jimbo: Bunge la Jimbo kwanza, Serikali ya Jimbo baadaye. Kifungu cha 3 kinasema mji, komini, sekta na shefferi ndizo sehemu zenye kujiongoza zenyewe chini ya jimbo. Katiba haikuandikwa kwa ajili ya mikro, lakini mwenye kuandika salamu akiwa na vifungu hivyo vitatu mezani tayari ana ngazi za kupandia.

Hapo ndipo mvutano unaojulikana unapotokea. Spika wa Bunge la Jimbo na Gavana wakikaa pamoja, nani anatajwa kwanza? Kuna wanaoanza na Spika kwa sababu Katiba inataja bunge kwanza. Kuna wanaoanza na Gavana kwa sababu ndiye anayewakilisha pia Serikali ya Kinshasa katika jimbo. Desturi inayoepusha ugomvi ni moja: yule anayesimamia sherehe, yaani atakayekata utepe au kutamka kwamba kazi imefunguliwa, ndiye anayeitwa kwanza. Wengine wanafuata kwa ngazi zao. Na shaka ikibaki, ofisi ya protokole ya meya au ya gavana inaulizwa siku mbili kabla. Jibu lao linaandikwa, na mwenye hotuba analifuata hata kama binafsi aliona vingine.

Likasi ina mitego yake

Mtego wa kwanza uko katika jina lenyewe. Mji wa Likasi una komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Maana yake komini moja ina jina sawa na la mji wote. Kuna Meya wa mji wa Likasi, na kuna Bugumesta wa komini ya Likasi. Mgeni kutoka Lubumbashi anayesema tu « mkuu wa Likasi » hajulikani anamsalimia nani, na mmoja wa wale wawili atajiona amesahauliwa au amepandishwa bure. Dawa ni ndogo: kila mara kusema neno « mji » au neno « komini » kabla ya jina.

Mtego wa pili ni jirani. Likasi ni mji, na teritwari ya Kambove ni kitu kingine chenye administrateri wake. Administrateri akialikwa mjini, anakuja kama mgeni mwenye heshima, lakini hatangulii meya ndani ya mji wa meya. Siku meya atakapokwenda kwenye sherehe huko teritwari, mpango utageuka. Mwenye nyumba ana haki yake. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kati ya mabugumesta: kama sherehe iko Kikula, Bugumesta wa Kikula anatajwa mbele ya wenzake watatu, hata kama mmoja wao ameshika kazi miaka mingi kuliko yeye.

Mtego wa tatu ni karatasi za zamani. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwenye kutumia tena hotuba ya zamani iliyohifadhiwa katika kompyuta anaweza kujikuta anamsalimia Gavana wa jimbo ambalo halipo tena. Mabadiliko ya watu nayo ni mengi, na kuna wanaoshika kiti kwa muda. Ndiyo sababu ni salama zaidi kutaja cheo bila jina la mtu. « Bwana Kamanda wa polisi wa mji » ni sahihi leo na kesho. Ukiongeza jina la aliyehamishwa wiki iliyopita, umemkosea aliyekuja badala yake.

Chifu yuko wapi?

Hili ndilo swali linaloleta machozi kuliko mengine yote. Katika karatasi nyingi chifu wa kimila anawekwa chini kabisa, kati ya « wageni wengine » na « wazazi ». Mara nyingine anatajwa pamoja na waganga na wachezaji ngoma, kana kwamba amekuja kupamba sherehe.

Sheria inasema kitu kingine. Kifungu cha 207 cha Katiba kinatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inaweka hali ya machifu wa kimila. Zaidi ya hayo, shefferi ni sehemu yenye kujiongoza kama vile komini, kwa kifungu kile cha 3 tulichokwisha kukitaja. Kwa hiyo chifu wa shefferi, kwa hesabu ya taasisi, anasimama katika ngazi ya bugumesta. Nafasi yake katika salamu ni pale, mara tu baada ya mabugumesta wa mji, mbele ya wakuu wa idara, wa dini na wa makampuni.

Chifu wa grupma au wa kijiji hana ngazi hiyo, na shefu wa kartie vilevile, kwa sababu grupma, kijiji na kartie si sehemu zenye kujiongoza. Hao wanasalimiwa kwa pamoja, kwa mstari mmoja. Lakini kama sherehe inahusu ardhi, kwa mfano kuweka jiwe la msingi, na mwenye mila ya ardhi ile ndiye aliyeitwa kuibariki, basi kumtaja peke yake ni adabu, hata kama karatasi ya Serikali haimlazimishi mtu.

Mheshimiwa ni nani?

Katika Kifaransa kuna maneno mawili yanayotengwa. Gavana na mawaziri wanaitwa Ekselensi. Wabunge na maseneta wanaitwa Onorable. Katika Kiswahili maneno yote mawili yanaangukia « Mheshimiwa », na hilo si kosa. Kosa ni kulieneza neno hilo kwa kila mtu aliyevaa kravati, mpaka lisiwe na uzito tena. Meya ni « Bwana Meya » au « Bibi Meya », bugumesta vilevile, kamanda vilevile. Wakuu wa tribinali na wa parke wanasalimiwa kwa kazi zao. Mheshimiwa abaki kwa wale ambao neno ni lao, na wenyewe watasikia tofauti.

Lugha inaleta hasara nyingine ya wakati. Wasemaji wengi wanasalimia kwa Kifaransa, halafu wanarudia orodha yote kwa Kiswahili « kwa ajili ya wazazi ». Wazazi hawakuja kusikia orodha. Salamu zifanyike mara moja, katika lugha moja, na Kiswahili kitumike pale ambapo mzazi ana jambo la kuelewa: ada, saa za masomo, nani atalinda jengo.

Mfano: madarasa sita Kikula

Tuweke mfano, tuufuate mpaka mwisho. Shule moja ya komini ya Kikula inafungua madarasa sita mapya. Meya wa mji ndiye atakayekata utepe. Wamekubali kuja: mbunge mmoja wa jimbo, mkuu wa tribinali, mkuu wa parke, kamanda wa polisi wa mji, mabugumesta wote wanne, chifu wa shefferi jirani, mkuu wa idara ya elimu, wakuu wa idara nyingine tatu, padri, mchungaji, imamu, na mjumbe wa kampuni iliyolipa. Kuna pia kamati ya wazazi, walimu na wanafunzi. Prefe wa shule, mwenye nyumba, ndiye wa kwanza kusema.

Akiwataja mmoja mmoja kwa cheo kamili na jina, ni watu kumi na wanane. Kila mmoja anachukua kama sekunde sita, na makofi yake sekunde nne. Ni karibu dakika tatu, na bado hajawafikia wazazi.

Sasa aigawe orodha katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale ambao cheo chao ni cha mtu mmoja tu pale uwanjani na ambao wangeumia wakichanganywa: meya, mbunge, kamanda, bugumesta wa mahali, chifu. Hao watano wanatajwa peke yao. Wengine wanaingia katika makundi ya kazi, na kila kundi linakaa katika ngazi yake. Salamu inakuwa hivi:

*Bwana Meya wa mji wa Likasi,*
*Mheshimiwa Mbunge wa Jimbo,*
*Wakuu wa tribinali na wa parke,*
*Bwana Kamanda wa polisi wa mji,*
*Bibi Bugumesta wa komini ya Kikula, pamoja na wenzako wa Likasi, Panda na Shituru,*
*Bwana Chifu,*
*Wakuu wa idara za Serikali na viongozi wa dini,*
*Wafadhili wetu,*
*Wazazi, walimu na wanafunzi,*
*Kila mmoja kwa cheo chake, protokole yote imefuatwa.*

Ni mistari kumi, na maneno hayafiki sabini. Ikisomwa polepole, kwa pumzi mwishoni mwa kila mstari, inamalizika katika muda wa sekunde arobaini hivi. Hakuna aliyeachwa nje: mchungaji yumo, mkuu wa idara yumo, na bugumesta wa Shituru amesikia komini yake. Meya yuko juu kwa sababu ndiye anayesimamia. Kama siku hiyo Gavana angekuja mwenyewe, mstari mmoja ungeongezwa juu ya meya, na mingine yote ingebaki ilivyo.

Kuhusu makofi, anayeongoza sherehe anasema mapema: « Tutapiga makofi mara moja, mwishoni mwa salamu. » Sentensi hiyo moja inaokoa zaidi ya dakika.

« Protokole yote imefuatwa » si kisu cha kukata popote

Msemo huu tunausikia kila siku, na majirani zetu wa Tanzania wanao wao: « itifaki imezingatiwa ». Kazi yake ni kufunga mlango baada ya wakubwa kuingia. Unamwambia yule ambaye hakutajwa: nafasi yako naijua, naiheshimu, lakini wakati ni mfupi.

Kwa hiyo msemaji wa kwanza hawezi kuanza nao. Akisimama na kusema tu « protokole yote imefuatwa », hakuna protokole aliyoifuata, na kila mtu amesikia. Wala hausemwi katikati, halafu majina yakaendelea. Ukishausema, umefunga. Anayekumbuka mtu mwingine baada ya hapo amtaje ndani ya hotuba, kwenye shukrani.

Msemo huo unafaa zaidi kwa wasemaji wanaofuata. Wa kwanza ameshafanya kazi ya kila mtu. Wa pili na wa tatu wanamtaja anayesimamia sherehe na labda mmoja wa karibu naye, kisha wanafunga: « Bwana Meya, Mheshimiwa Mbunge, waalikwa wote, protokole yote imefuatwa. » Sekunde kumi. Hapo ndipo dakika ishirini na moja za mwanzo wa habari hii zinashuka na kuwa mbili.

Wasemaji wenyewe wana mpango wao, na unakwenda kinyume cha mpango wa salamu. Salamu inashuka kutoka juu kwenda chini. Hotuba zinapanda kutoka chini kwenda juu. Anaanza mwenye nyumba, na anayesimamia anasema mwisho, kwa sababu baada yake hakuna wa kuongeza neno. Huko Ufaransa, ambako amri ya tarehe 13 Septemba 1989 ndiyo inayopanga vyeo katika sherehe za umma, desturi ni hiyo hiyo.

Na anayesema mwisho ajihadhari na kosa la kuchekesha: kujisalimia mwenyewe. Linatokea pale mshauri anaponakili orodha ya prefe na kuibandika juu ya hotuba ya meya. Meya anasoma kwa sauti « Bwana Meya wa mji », na uwanja mzima unacheka. Orodha ya kila msemaji inaanza baada ya kuondoa mstari wake yeye.

Aliyetumwa, aliyekosa, aliyechelewa

Mara nyingi mkubwa haji, anatuma mtu. Kwetu, aliyetumwa na Gavana kuja kusimamia sherehe anaitwa kwanza, lakini kwa jina la ujumbe wake: « Bwana Mwakilishi wa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo ». Haitwi Gavana. Amri ile ya Ufaransa ni kali zaidi: inasema cheo hakiazimishwi, na aliyetumwa kwa kawaida anabaki katika ngazi yake mwenyewe. Sisi hatukufika huko, lakini kitu kimoja kinafaa kuchukuliwa: kama aliyetumwa hasimamii chochote, amekuja kukaa tu, hakuna haja ya kumpandisha juu ya waliokuja wenyewe.

Kumsalimia asiyekuwepo ni aibu ya pande mbili. Watu wanageuza shingo kumtafuta, na kiti kitupu kinaonekana na wote. Ndiyo sababu salamu haziandikwi ndani ya hotuba. Zinaandikwa kwenye karatasi ndogo ya pembeni, kwa herufi kubwa, mstari mmoja kwa kila cheo. Mtu mmoja anasimama mlangoni na karatasi ile na kalamu. Anayeingia anawekewa alama. Dakika tano kabla ya kuanza, wasio na alama wanakatwa, waliotuma mtu wanabadilishwa, na karatasi inapelekwa kwa msemaji. Zote mbili, karatasi na hotuba, zinawekwa juu ya pupitre kabla ya mikro kuwashwa.

Akibaki mmoja aliyechelewa, tuseme mbunge anaingia na watu wake katikati ya hotuba, msemaji harudi mwanzo. Anamaliza sentensi yake, anangoja mgeni akae, kisha anasema: « Tunamkaribisha Mheshimiwa Mbunge », na anaendelea pale alipoachia. Kurudia salamu zote kwa sababu ya mmoja ni kuwaadhibu waliofika kwa saa.

Na kama kweli kuna aliyesahauliwa? Kujitetea kwa mikro kunaongeza kidonda. Msemaji anayefuata anapelekewa kijikaratasi, anamtaja katika mstari wake wa kwanza, na wengi uwanjani hawatajua kulikuwa na pengo. Baada ya sherehe, mwenye nyumba anakwenda mwenyewe mpaka kwenye kiti cha aliyerukwa kumwomba radhi, kabla gari lake halijawashwa.